Elfu Sitini ya Nani? Tangazo la Kazi na Neno "Wastani"

Kijana wa jirani yangu alikuja barazani jioni moja na simu mkononi. Alikuwa amepiga picha tangazo lililobandikwa kwenye nguzo karibu na feri, upande wa Likoni. Yadi ya makontena kule Changamwe ilikuwa ikitafuta wapakuaji, walinzi na madereva, na chini kabisa, kwa herufi nene, palikuwa pameandikwa: WASTANI WA MSHAHARA SH. 60,000 KWA MWEZI.

"Ami, hebu nisomee hili," akasema. "Mpakuaji kweli apewe elfu sitini?"

Nimekuwa karani wa mishahara kwa miaka mingi huko Shimanzi. Najua namba ya aina hii inavyopikwa, kwa sababu zamani niliwahi kuagizwa niipike mwenyewe. Nikamwambia hiyo elfu sitini huenda ni ya kweli kabisa, ila si yake. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa maji yamekauka Kilindini. Basi nikamwomba binti yangu kalamu na karatasi, nikamchorea yadi ya mfano, na ndiyo hiyo nitakayoichora hapa.

Kabla ya yadi, tutazame hilo neno lenyewe, maana ujanja unaanzia hapo. Wastani ni neno tulilolipata kwa Waarabu, na asili yake ni katikati. Tukisema mtu ana kimo cha wastani, tunamaanisha si mrefu wala si mfupi. Tukisema familia inaishi maisha ya wastani, tunamaanisha hawalali njaa na hawana gari la pili. Sikio la Mswahili likisikia "mshahara wa wastani" linamwona mtu wa katikati, mwenye watu juu yake na watu chini yake. Mwalimu wa hesabu naye alilichukua neno hilohilo akalipa kazi nyingine: jumlisha vyote, gawa kwa idadi. Ndivyo wengi wetu tulivyolizoea shuleni, alama ya wastani ikiandikwa chini ya karatasi ya matokeo. Mwenye tangazo anaandika kwa maana ya mwalimu, akijua utasoma kwa maana ya barazani.

Sasa yadi. Ina watu 15 kwenye orodha ya mishahara. Wapakuaji ni sita, kila mmoja shilingi 19,000. Hiyo si namba niliyoitoa hewani, kwani agizo la serikali lililoanza Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida mjini Mombasa kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi bila marupurupu ya nyumba, na waajiri wengi hawatoki mbali na kima hicho. Juu ya wapakuaji yuko mlinzi mmoja wa 22,000, kisha msimamizi wa stoo wa 28,000. Madereva wa lori ni watatu, 36,000 kila mmoja. Karani wa forodha anachukua 48,000, mhasibu 80,000, meneja 150,000, na mkurugenzi, ambaye ndiye mwenye yadi, anajilipa 350,000.

Jumlisha yote, unapata shilingi 900,000. Gawa kwa watu 15, inakuja 60,000 kamili. Tangazo halikusema uongo.

Lakini mtafute huyo mtu wa elfu sitini ndani ya yadi. Hayupo. Karani wa forodha yuko chini yake kwa elfu kumi na mbili, mhasibu yuko juu yake kwa elfu ishirini, na kati yao hakuna mtu. Wanaopata zaidi ya "wastani" ni watatu tu kati ya 15, na hakuna hata mmoja wao anayetafutwa na tangazo lile. Wale kumi na wawili waliobaki wote wako chini, na nusu yao hawafikii hata theluthi ya hiyo namba.

Kijana akauliza, basi wa katikati ni nani? Swali zuri, kwa sababu lina jibu lake katika hesabu. Wapange watu wote mstari mmoja, kuanzia anayelipwa kidogo hadi anayelipwa kingi, kisha uhesabu mpaka wa nane. Ana watu saba nyuma yake na saba mbele yake. Kwenye yadi yetu ni msimamizi wa stoo, na mshahara wake ni 28,000. Namba hiyo wenye takwimu wanaiita mediani, yaani namba ya katikati. Ndiyo iliyo karibu zaidi na ile maana ya wastani tunayoitumia barazani, na ni chini ya nusu ya iliyobandikwa kwenye nguzo.

Iko namba ya tatu. Ukiingia yadini ukamgusa mtu yeyote bega bila kuchagua, ni mshahara upi una nafasi kubwa zaidi ya kuukuta? Ule unaolipwa watu wengi, yaani 19,000, kwa kuwa wapakuaji ni sita na hakuna mshahara mwingine unaojirudia mara nyingi hivyo. Hiyo inaitwa modi. Kwa kijana anayekwenda kuomba kazi ya kupakua, hiyo ndiyo namba inayomhusu.

Kwa hiyo yadi moja, mwezi mmoja, orodha moja, na majibu ni matatu: 60,000, 28,000 na 19,000. Mwenye yadi akitafuta wafanyakazi atabandika la kwanza. Chama cha wafanyakazi kikija kudai nyongeza kitabandika la mwisho. Wote wawili wakiapishwa mbele ya kadhi, hakuna atakayekuwa amesema uongo.

Ofisini kazi hii haichukui hata dakika moja. Mishahara iko kwenye jedwali la kompyuta, safu ya B, na karani anaandika mistari mitatu:

```
=AVERAGE(B2:B16)
=MEDIAN(B2:B16)
=MODE.SNGL(B2:B16)
```

Majibu matatu yanatokea yakiwa yamepangana, na bosi anasimama nyuma ya kiti akichagua kama anayechagua embe Kongowea. Mimi nilipoagizwa, bosi hakuniambia nidanganye. Aliniambia tu, "Weka ile nzuri."

Kwa nini ile ya kujumlisha na kugawa huwa ndiyo nzuri mara nyingi? Kwa sababu mishahara ina sakafu lakini haina dari. Chini huwezi kushuka sana, kima cha chini kinakuzuia, na ukilipa kidogo mno mtu atakwenda kupakua kwa mwingine. Juu hakuna anayekuzuia. Mtu mmoja akipaa, kwa kuwa kila shilingi inaingia kwenye jumla, anawavuta wote kwenye karatasi bila kuwapa kitu mfukoni. Mtoe mkurugenzi kwenye orodha yetu, ubaki na watu 14 na shilingi 550,000: wastani unaanguka kutoka 60,000 hadi kama 39,300. Mtu mmoja alikuwa amebeba zaidi ya elfu ishirini ya "wastani" wa kila mtu. Namba ya katikati nayo inashuka, lakini kwa 3,000 tu, hadi 25,000, maana sasa katikati wako wawili, mlinzi na msimamizi wa stoo, na tunachukua nusu ya njia baina yao. Modi haitikisiki hata kidogo.

Ligeuze jambo hilo uone linavyotumika. Tuseme mwaka ujao mkurugenzi anajiongeza kutoka 350,000 hadi 500,000, na wengine wote wanabaki walivyo. Jumla inakuwa 1,050,000, wastani 70,000. Sasa kampuni inaweza kutangaza kwamba wastani wa mishahara yake umepanda kwa zaidi ya asilimia 16 katika mwaka mmoja, na hesabu itakubali, ilhali mpakuaji bado yuko kwenye 19,000 yake na bei ya unga imepanda. Mtu akikuambia wastani umepanda, umuulize namba ya katikati imefanya nini.

Hapa watu wengi huishia, wakatoka na imani kwamba mediani ndiyo namba ya wakweli. Nami niliamini hivyo, mpaka nilipoona mahali inapotumika kuficha. Chukua hoteli ndogo ya ufukweni, msimu wageni wakiwa wachache. Ina wafanyakazi wa kudumu sita, kila mmoja 35,000, na vibarua watano wanaoitwa siku mbili kwa wiki, shilingi elfu moja kwa siku, hivyo mwezi ukiisha kila mmoja ana kama 8,000. Jumla ni 250,000 kwa watu 11, na wastani ni kama 22,700. Mwenye hoteli hatauandika huo. Wapange mstari, hesabu wa sita: 35,000. Mshahara unaojirudia zaidi: 35,000 tena. Sasa tangazo linasema "zaidi ya nusu ya wafanyakazi wetu wanapata 35,000," na ni kweli tupu. Wale watano wa 8,000 wamezama chini ya mstari na hawaonekani, kwa sababu namba ya katikati haijali walio chini wako chini kiasi gani. Hata wangelipwa mia tano, ingebaki palepale.

Na tazama inavyoanguka. Hoteli ikiongeza kibarua mmoja, watu wanakuwa 12, sita juu na sita chini, na katikati inakuwa baina ya 8,000 na 35,000, yaani 21,500, mshahara ambao hapo hotelini haupo. Ikiongeza wa pili, wanakuwa 13, na wa saba kwenye mstari ni kibarua. Namba ya katikati sasa ni 8,000. Watu wawili tu wameajiriwa, hakuna aliyepunguziwa hata senti, na mediani imeshuka kutoka 35,000 hadi 8,000. Siku hiyo, bila shaka, mwenye hoteli atakumbuka kwamba kuna kitu kinaitwa kujumlisha na kugawa.

Modi ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosokoteka kirahisi. Ikiwa kila mtu analipwa tofauti na mwenzake, hata kwa shilingi moja, modi haipo, na ile fomyula ya tatu inakurudishia `#N/A`. Ndiyo maana wanaoitaka huwapanga watu kwa makundi, "kuanzia kiasi hiki hadi kile", na anayechora mipaka ya makundi ndiye anayechagua jibu. Niliwahi kuona mbinu hii kwenye kipeperushi cha chuo kimoja cha ufundi, na nitaionyesha kwa namba zangu. Chuo kimewauliza wahitimu 20 wanalipwa ngapi. Sita wako chini ya 20,000. Watano wako kati ya 20,000 na 29,999. Tisa wametawanyika juu, watatu kwenye thelathini, watatu kwenye arobaini, na mmoja mmoja kwenye 52,000, 60,000 na 75,000. Ukigawa makundi ya elfu kumi kumi, kundi kubwa ni lile la chini ya 20,000. Chuo hakigawi hivyo. Kinayaacha makundi mawili ya chini yalivyo, kisha kila kilichobaki kinakusanywa kapu moja: "30,000 na kuendelea". Kapu hilo lina watu tisa, na hakuna kundi linalolishinda. Kipeperushi kinasema: "Kundi kubwa zaidi la wahitimu wetu hupata shilingi 30,000 au zaidi." Kweli. Na ni kweli vilevile kwamba 11 kati ya 20 hawaifikii hiyo 30,000.

Ukiona makundi yaliyofunguliwa juu, "na kuendelea", "na zaidi", ilhali ya chini yamekatwa vipande vyembamba, jua mkono umepita hapo.

Chuo hichohicho kinaweza kukuchezea kwa njia nyingine ambayo mimi naiona mbaya zaidi, kwani inachanganya namba za aina mbili kwenye sentensi moja. "Kibarua hulipwa 19,000, mhitimu wetu hupata wastani wa 32,700." Upande wa kwanza ni modi, ile namba ya chini inayojirudia. Upande wa pili ni kujumlisha na kugawa, jumla ya 654,000 kwa watu 20, na wale watatu wa juu wakivuta. Pengo la 13,700 linaonekana ni matunda ya masomo. Lakini wapange wahitimu mstari, na tuseme wale wawili wa katikati wako kwenye 26,000 na 28,000: namba yao ya katikati ni 27,000, na pengo limepungua karibu nusu. Sijataja bado wahitimu ambao hawakupata kazi au hawakujibu simu ya chuo, ambao kwenye orodha hawamo kabisa.

Kuna matangazo yanayokopa heshima ya serikali. Shirika la Takwimu la Kenya, KNBS, hutoa kila mwaka ripoti ya hali ya uchumi, na ndani yake mna wastani wa mapato kwa mfanyakazi. Ni hesabu halali, na namna yake ni ileile ya kujumlisha na kugawa: jumla ya mishahara iliyolipwa kwenye sekta rasmi, kwa idadi ya walioajiriwa humo. Mama anayekaanga viazi karai Mwembe Tayari hamo. Fundi wa jua kali hamo, na nchini Kenya zaidi ya watu wanane kati ya kumi wenye kazi wako nje ya hiyo sekta rasmi. Muuza nyumba akichukua namba hiyo na kuandika kwamba "Mkenya wa wastani anaweza kumudu" malipo yake ya kila mwezi, amemchukua mtu asiyekuwapo, kutoka kwenye orodha ambayo wengi wetu hatumo, akamfanya jirani yako.

Kijana alikuwa amekunja karatasi yangu mara nne. "Sasa nitajuaje, Ami? Wao wameandika mstari mmoja tu."

Mstari mmoja nao una alama zake. Namba yenye kona kona, mfano 62,947, karibu kila mara imezaliwa na kugawanya, maana mshahara wa mtu huandikwa mviringo zaidi. Modi ni mshahara wa watu waliopo, na namba ya katikati vilevile, watu wakiwa idadi isiyogawanyika kwa mbili. Wastani wa kugawa mara nyingi si wa mtu yeyote. Kwa hiyo swali la kwanza ni rahisi: nani hapo kwenu anayelipwa kiasi hiki, na anafanya kazi gani? Tangazo kama ni la ukweli, mtu huyo ana cheo na utatajiwa.

Swali la pili ni idadi. Wastani ukizidishwa kwa idadi ya watu unakupa jumla ya mishahara yote. Wakisema 60,000 na wako 15, jumla ni laki tisa. Ukijua wapakuaji sita wanachukua 114,000 kati ya hizo, unaweza kukisia mwenyewe kwamba laki saba na zaidi zimekwenda kwa wenzao tisa, na si kwa usawa. Mediani haikuruhusu kufanya hivyo. Ukiizidisha kwa idadi ya watu unapata namba isiyo na maana.

La tatu ndilo ninalolipenda, kwa sababu haliwezi kujibiwa kwa wastani wa aina yoyote: anayeanza kazi hii, mwezi wa kwanza, anatia sahihi mshahara gani? Ukiajiriwa kwa muda mrefu, si kama kibarua wa siku, Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi kiwango cha malipo yako, na kila ukilipwa upewe hati inayoonyesha umelipwa ngapi na umekatwa nini. Wastani hauingii kwenye karatasi hizo.

Akapiga simu palepale, akaweka sauti nje. Mwanamke mwenye sauti ya upole alipokea. Kijana akamsalimu, akasema anaulizia kazi ya kupakua. Akauliza wako watu wangapi. "Kama ishirini hivi, kaka." Akauliza nani analipwa sitini. Kimya kidogo, kisha: "Hiyo ni wastani, kaka, inategemea." Akauliza mpakuaji anayeanza.

"Ishirini kasoro kidogo. Ukijituma inapanda."

Akamshukuru, akakata. Akaifungua tena ile karatasi, akaigeuza upande mweupe, akaanza kuandika nauli ya matatu kutoka feri hadi Changamwe, kwenda na kurudi, mara siku ishirini na sita.